Mazutu ya jirani ikiingia mu kisima chako, nani analipa?

Hapa Uvira, muuzaji wa esansi na mazutu, yule tunayemwita Kadhafi, mara nyingi anaweka mali yake mu parsele anamolala na familia. Tuchukue mfano, si kesi ya kweli. Parsele moja ya Mulongwe iko na mapipa kumi ya mazutu, kila moja litre 200. Usiku pipa moja linatoboka. Mazutu inafuata mteremko, inapita chini ya ukuta na kuingia mu kisima cha jirani. Muuzaji anasema: "Mimi sikufanya kosa. Pipa lilikuwa jipya, na nililifunga vizuri." Je, jirani atapata fidia?

Swali hili lilijibiwa Uingereza zamani. Mwaka 1860, bwana Rylands, mwenye kiwanda, alilipa mafundi wamchimbie bwawa la maji. Chini ya ardhi kulikuwa mashimo ya zamani ya makaa ya mawe, na mafundi hawakuyaziba vizuri. Bwawa lilipojaa, maji yalipita mu mashimo hayo na kufurika mgodi wa jirani yake Fletcher. Rylands mwenyewe hakujua mashimo hayo. Hata hivyo, mwaka 1868 majuji wakubwa walisema alipe. Mutu akileta kwenye ardhi yake kitu chenye kuweza kudhuru, na kitu hicho kikitoroka, yeye ndiye anabeba hasara, hata bila kosa.

Lakini waliweka mpaka: ardhi iwe imetumiwa kwa namna isiyo ya kawaida. Maji ya mvua yakiteremka yenyewe kutoka kwako kwenda kwa jirani, hudaiwi ju ya sheria hiyo. Mwaka 2003, majuji wa Uingereza walisema hata bomba la maji ya nyumba za watu ni matumizi ya kawaida, kwa sababu halileti hatari kubwa ya pekee.

Sasa turudi kwa mapipa yetu. Bidoni moja ya mazutu kwa ajili ya jenereta ni kitu cha kawaida. Litre 2,000 katikati ya nyumba za watu ni jambo lingine: kitu kimeletwa, ni hatari, kila mutu anajua kitaharibu maji kikimwagika, na kimetoka parsele moja kuingia ingine. Ng'ambo ya ziwa, kule Kigoma, avoka angeweza kusimama juu ya sheria hiyo ya Rylands, kwa sababu Tanzania ilirithi sheria ya Kiingereza.

Juji wa Uvira hasimami hapo. Yeye anafungua Kodi Sivili, kitabu cha tatu, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888. Artikle 258 inadai kosa. Artikle 260 inasema mutu anajibu pia kwa hasara inayoletwa na vitu alivyo navyo chini ya ulinzi wake. Hapo swali si kama matumizi ni ya kawaida. Swali ni: nani alikuwa anatumia kitu hicho, anakiongoza na kukichunga? Kwa mapipa yetu, jibu ni muuzaji. Kusema "sikufanya kosa" peke yake hakumwokoi.

Kinachoweza kumwokoa ni kuonyesha kwamba hasara ilitokana na jirani mwenyewe, ao mutu mwingine, ao nguvu isiyozuilika. Tuseme mto Mulongwe ndio ulibeba mapipa. Mafuriko ya Aprili 2020 yaliua watu na kubomoa nyumba nyingi hapa mjini. Mwenye kuweka mapipa pembeni ya mto kisha ya mwaka huo atapata shida kumwambia juji kwamba hakuweza kutazamia maji.

Tofauti ya sheria hizi mbili inaonekana vizuri tukikumbuka Sange. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka pale, mafuta yakamwagika, moto ukawaka, watu zaidi ya 200 wakafa. Lori lilikuwa barabarani, si mu parsele ya mutu. Tena, kwa Waingereza wa leo, sheria ya Rylands inalinda ardhi na mali yake, hailipi kifo wala majeraha. Artikle 260 haiulizi kitu kimetoka kwenye ardhi gani, na haibagui mwili wa mutu na mali. Mashindano yangekuwa juu ya nani alichunga lori, na kama waliokuja kuchota mafuta walijitia wenyewe mu hatari.

Kwa jirani wa Mulongwe, kazi kubwa ni kuonyesha njia. Mazutu inanuka, inaacha ngozi yenye kung'aa juu ya maji na doa jeusi mu udongo. Apige picha za doa kuanzia ukuta hadi kisima mbele mvua haijaosha, aite shefu wa kartie aone na kuandika, na aweke chupa ya maji hayo ikiwa imefungwa. Bila alama hiyo toka pipa hadi kisima, muuzaji atasema mazutu ilitoka kwa mwingine, na artikle 260 haitakuwa na mutu wa kushika.