Ada ya Bima kwa Mwezi: Barua ya Kuomba na Swali la Nyongeza

Wifi yangu anafundisha shule ya msingi Morogoro. Ana bima ya maisha ya miaka 10 aliyoikata kwa ajili ya masomo ya mwanawe mdogo, na kila tarehe 1 Machi anatakiwa kulipa ada ya shilingi 1,200,000 kwa mkupuo. Miaka mitatu alilipa bila kuchelewa. Mwaka wa nne, mtoto wake mkubwa akaanza kidato cha kwanza, na katikati ya Januari simu yangu ikaita: “Wifi, hivi hawa watu hawawezi kunikata kidogokidogo kwenye mshahara?”

Wanaweza. Mikataba mingi ya bima ya maisha inaruhusu ada ilipwe kwa mwaka, nusu mwaka, robo mwaka au mwezi, na mwenye bima anaweza kuomba kuhama kutoka utaratibu mmoja kwenda mwingine. Lakini kuhama kwa kawaida hufanyika mwaka wa bima unapoanza, si katikati, kwa sababu ada aliyokwisha kulipa inamfikisha hadi siku ya mwisho ya mwaka huo. Kwa wifi mlango ulikuwa tarehe 1 Machi. Alikuwa na wiki sita, nazo zinatosha kama barua haikai mezani.

Watu wengi huchukua ada ya mwaka, wakaigawa kwa 12, wakaamini hicho ndicho watakachokatwa. Kwa hesabu hiyo wifi angelipa 100,000. Kampuni haigawi hivyo. Inazidisha ada ya mwaka kwa kiwango chake cha awamu, na kiwango cha mwezi huwa kikubwa kidogo kuliko sehemu moja ya 12. Tuseme ni 0.0875. Hapo 1,200,000 inakuwa 105,000 kwa mwezi, na kwa mwaka mzima anatoa 1,260,000. Ile 60,000 ya ziada ndiyo nyongeza ya kulipa kwa awamu.

Nyongeza hiyo haitozwi bila sababu. Kampuni ilipanga bei ikitegemea kupokea fedha zote mwanzoni mwa mwaka na kuziwekeza. Zikija kidogokidogo, faida ya uwekezaji inapungua. Kufuatilia malipo 12 ni kazi kubwa kuliko kufuatilia moja. Na anayelipa kila mwezi ana nafasi 12 za kuacha njiani.

Wakala atakwambia nyongeza ni asilimia 5, na kwa mfano huu atakuwa amesema kweli. Ila iangalie kwa jicho la mkopaji. Tarehe 1 Machi wifi analipa 105,000, kwa hiyo ni kama amekopeshwa 1,095,000 iliyobaki, halafu anairudisha kwa miezi 11. Deni linapungua kila mwezi, hivyo kwa wastani anakuwa na nusu yake tu mkononi. Ukipiga hesabu juu ya deni linalopungua, 60,000 ni kama riba ya asilimia 0.9 kwa mwezi, karibu asilimia 11 kwa mwaka. Ni nafuu sana kuliko kukimbilia mikopo ya kausha damu ili kuiokoa bima. Ni ghali kwa mtu ambaye fedha zake zimekaa tu kwenye akaunti ya akiba.

Ndiyo maana nilimshauri aulize pia bei ya nusu mwaka. Kwa kiwango cha 0.51, kwa mfano, angelipa 612,000 mara mbili, na nyongeza ingekuwa 24,000 tu.

Kuna swali jingine ambalo waombaji wengi hulisahau, nami naliona zito kuliko nyongeza yenyewe. Mwenye bima akifariki mwezi wa tano wa mwaka wa bima, zile awamu saba zilizobaki zinakatwa kwenye mafao ya familia au hazikatwi? Mikataba inatofautiana. Baadhi huhesabu ada kuwa ni ya mwaka mzima, ila mteja ameruhusiwa kuilipa vipande vipande. Hapo kilichobaki kinakatwa. Mingine huhesabu kila mwezi peke yake. Pamoja na hilo, uliza siku za neema, yaani siku unazopewa baada ya tarehe ya malipo kabla bima haijakatika. Siku 30 ni kawaida, lakini ipo mikataba inayompa mlipaji wa kila mwezi siku 15 tu.

Barua tuliiandika jioni moja, ukurasa mmoja, hivi:

Meneja, Huduma kwa Wateja,
(Jina na anwani ya kampuni)

YAH: MAOMBI YA KUBADILI MALIPO YA ADA KUTOKA KWA MWAKA KWENDA KWA MWEZI – BIMA NAMBA (…)

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi ni mmiliki wa bima iliyotajwa. Ada yangu ya mwaka ni shilingi 1,200,000, na malipo yanayofuata ni tarehe 1 Machi. Naomba kuanzia tarehe hiyo nilipe kila mwezi kwa makato ya mshahara, bila kubadilisha kiasi cha bima wala muda wa mkataba.

Kabla mabadiliko hayajafanyika, naomba nijulishwe kwa maandishi: kiasi kamili cha kila mwezi, kama kuna nyongeza au gharama nyingine yoyote, na jumla yake kwa mwaka, kiasi ambacho ningelipa kwa nusu mwaka, siku za neema, na kama awamu zilizobaki za mwaka hukatwa kwenye mafao endapo nitafariki.

Nitathibitisha uamuzi wangu baada ya kupata majibu. Nimeambatisha nakala ya kitambulisho na hati ya mshahara.

Wako mwaminifu,
(Sahihi, jina, simu, tarehe)

Maneno “bila kubadilisha kiasi cha bima” tuliyaweka makusudi. Karani anaweza kuelewa kwamba mteja ameshindwa kulipa na anataka bima ndogo. Na maneno “kabla mabadiliko hayajafanyika” yanazuia ombi la taarifa kugeuzwa idhini. Alitengeneza nakala mbili, akaomba nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Jibu lilikuja baada ya siku 12. Kila mwezi 105,000, siku za neema 30, na ndiyo, awamu zilizobaki hukatwa kwenye mafao. Wifi alifikiria usiku mmoja. Kwa nusu mwaka angehitaji 612,000 mwezi huo huo wa Machi, nayo hakuwa nayo. Akathibitisha malipo ya mwezi, akajaza fomu ya makato, akapokea waraka wa mabadiliko, akaubana pamoja na hati yake ya bima. Waraka huo ni muhimu: kabla haujatoka, kampuni bado inakudai ada ya mwaka.

Machi ilipofika, mshahara ukaingia bila makato. Fomu ilikuwa imefika kwa mwajiri baada ya orodha ya mishahara kufungwa, jambo linalotokea sana mwezi wa kwanza. Aliligundua kwa sababu alifungua hati yake ya mshahara na kuutafuta mstari wa kampuni ya bima, haukuwepo. Siku 30 zilikuwa bado hazijaisha. Akapiga simu kwenye kampuni, akapewa namba ya malipo, akalipa 105,000 kwa simu siku hiyo hiyo, akahifadhi ujumbe wa muamala. Aprili mstari ulionekana.