Sufuria za mvuke au kaushio? Mahali vitamini za mboga zinapopotelea



Kati ya maombi yaliyofika ofisini kwetu robo hii, lipo moja kutoka kwa kikundi cha akina mama wa Mkumbi. Wameomba sufuria za kupikia kwa mvuke, zile zenye sahani ya matundu ndani, moja kwa kila jumuiya. Sababu waliyoandika ni fupi: walifundishwa kwamba kuchemsha mboga kunaua vitamini. Mmoja wa wafadhili aliposoma ombi hilo aliuliza swali la haki kabisa: je, ni kweli, na kama ni kweli, je, sufuria ndiyo dawa yake? Fedha iliyopo haitoshi kununua vitu viwili. Hivyo tumeona tulijibu swali hili kwa kirefu, maana jibu lake si moja kwa vitamini zote.

Tuanze jikoni. Mama ananunua chainizi, anaikatakata, anaiosha ikiwa imeshakatwa, anaitumbukiza katika sufuria iliyojaa maji, anachemsha mpaka ilainike, kisha anaikamua na kumwaga maji ya kijani. Baada ya hapo anaiunga kwa kitunguu na mafuta. Je, nini kimemwagwa? Jedwali la vyakula la Marekani linaonyesha kuwa gramu 100 za chainizi mbichi zina miligramu 45 za vitamini C, kiasi kile kile ambacho Shirika la Afya Duniani na FAO wanapendekeza kwa mtu mzima kwa siku. Gramu 100 za chainizi iliyochemshwa na kuchujwa maji zina miligramu 26. Na hapo upotevu umefichika kidogo, kwa sababu majani yakichemka hunywea, hivyo gramu 100 zilizopikwa zimetokana na zaidi ya gramu 100 mbichi.

Vitamini C hupotea kwa njia mbili. Kwanza inayeyuka katika maji kama chumvi: kadiri maji yanavyokuwa mengi na majani yanavyokatwa madogo, ndivyo inavyotoka kwa wingi. Pili inaharibiwa na joto pamoja na hewa. Ile iliyoyeyuka unaweza kuirudisha ukinywa maji yake, lakini iliyoharibika hairudi.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri zaidi kwa foleti, vitamini ya kundi B ambayo mama mjamzito anaihitaji sana kwa ajili ya damu na kwa ukuaji wa uti wa mgongo wa mtoto. Mwaka 2002 watafiti wa Ireland ya Kaskazini walipima spinachi na brokoli. Zilipochemshwa kwa muda wa kawaida, ilibaki karibu nusu tu ya foleti. Zilipopikwa kwa mvuke, spinachi hadi dakika nne na nusu, hapakuwa na upungufu wa kuhesabika. Walipochunguza walikuta kwamba nusu iliyokosekana haikuungua, bali ilikuwa ndani ya maji ya kuchemshia.

Basi akina mama wa Mkumbi hawakudanganywa. Mvuke unahifadhi kweli. Lakini angalieni kwa nini unahifadhi: si kwamba mvuke una baridi, la, bali majani hayaogelei ndani ya maji, na hakuna maji ya kumwaga. Jambo hilo linaweza kupatikana kwa sufuria ile ile iliyopo nyumbani. Osha majani yakiwa mazima, kisha uyakate, tena si madogo sana. Chemsha kikombe kimoja cha maji mpaka yatokote, ndipo utie majani, ufunike, ugeuze mara moja. Chainizi na mchicha mchanga huiva kwa dakika tano hivi. Maji machache yanayobaki ndiyo mchuzi, usiyakamue. Huku milimani, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, maji hutokota kwenye nyuzi 95, wakati ufukweni mwa Ziwa Nyasa ni nyuzi 98 hivi. Kwa hiyo mpishi wa milimani ataongeza dakika moja au mbili, na mfuniko una maana zaidi kwake.

Kuna mazoea mawili ambayo hata sufuria ya mvuke haiwezi kuyaponya. La kwanza ni kiporo. Mboga ikikaa jikoni karibu na moto tangu mchana, kisha ikapashwa usiku, vitamini C inaendelea kuharibika muda wote huo. La pili ni magadi. Wengi hutia magadi ili mboga ilainike upesi na ibaki ya kijani inayong'aa. Magadi huharakisha kuharibika kwa vitamini C. Hapa rangi inadanganya: mboga iliyofifia na kuelekea rangi ya zeituni imebadilishwa tu na uchachu wa majani yenyewe, na inaweza kuwa na vitamini nyingi kuliko ile ya magadi iliyo nzuri machoni. Mboga inayong'aa mno, huku ikiteleza na kusagika mdomoni, mara nyingi ina magadi.

Hapa ni lazima tutoe onyo kwa ajili ya ndugu zetu wa ufukweni, Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, ambako muhogo na kisamvu ni chakula cha kila siku. Maji kidogo na dakika tano ni kanuni ya chainizi na mchicha. SI KANUNI YA KISAMVU. Jani la muhogo lina sumu iliyofungwa ndani yake. Kutwanga kunavunja jani na kuifungua sumu hiyo iwe gesi. Gesi hiyo hutoka kwa wepesi, kwani huchemka kwenye nyuzi 26 tu. Ndiyo maana bibi zetu walitwanga sana, wakaacha kikae kidogo, kisha wakapika kwa muda mrefu wakianza bila mfuniko. Anayechemsha majani mazima bila kutwanga anaua kwa joto kile kimeng'enya kinachoifungua sumu, na sumu inabaki imefungwa. Kwa kisamvu, basi, tuihesabu vitamini C kuwa imekwenda, wala tusijutie. Anayetaka vitamini C aitafute katika pera lililoiva, embe, chungwa, au ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga baada ya kuipua. Pera moja la wastani lina zaidi ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku nzima. Tena vitamini C ikiliwa pamoja na mboga au maharage husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo.

Sasa tugeukie vitamini ambayo ombi la Mkumbi halikuitaja. Majani ya kijani yana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ile inayolinda macho ya mtoto na nguvu yake ya kupambana na magonjwa. Karotini haiyeyuki katika maji. Katika jedwali lile lile, chainizi mbichi ina mikrogramu 2,700 hivi katika gramu 100, na iliyochemshwa ina 2,500 hivi. Ukilinganisha na vitamini C iliyoshuka kutoka 45 hadi 26, ni kama haijaguswa. Hata kisamvu kilichopikwa muda mrefu bado kina karotini nyingi. Inachohitaji ni mafuta kidogo au karanga ndani ya mboga, kwa sababu bila mafuta mwili huichukua kidogo tu.

Adui wa karotini si chungu. Ni jua.

Tangu Juni mpaka mvua zinaporudi mwishoni mwa mwaka, bustani nyingi zisizo na maji ya bonde hukauka, na mboga ya kaya nyingi ni ile iliyokaushwa: majani ya kunde, ya maboga, ya maharage. Kwa kawaida huanikwa juu ya mkeka au bati, juani, siku mbili au tatu. Mwanga wa jua na hewa huivunja karotini jani likiwa linakauka, na kazi hiyo inaendelea ndani ya gunia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003, ambao Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilishiriki, ulilinganisha mboga za majani zilizoanikwa juani na zile zilizokaushwa katika kaushio la sanduku. Zile za kaushio zilibaki na karotini nyingi zaidi.

Kaushio lenyewe si jambo la kiwandani. Ni sanduku la mbao lililoinuliwa kwa miguu, lenye tandiko la wavu, matundu ya hewa chini na juu, na nailoni ya kufunika. Kwa mboga za majani huongezwa kitambaa cheusi kati ya nailoni na majani, ili joto lipite bila mwanga kuyapiga. Kabla ya kutandaza, majani hupitishwa kwenye mvuke au maji yanayotokota kwa dakika mbili hivi. Wengine hushangaa: si tumesema maji moto yanapoteza vitamini? Ndiyo, vitamini C kiasi itakwenda, lakini ingekwisha tu wakati wa kukauka. Joto hilo fupi linazima vimeng'enya vinavyokula karotini ghalani. Majani yatandazwe tabaka moja. Yakirundikwa yanavunda katikati, hasa asubuhi za ukungu. Yamekauka yanapovunjika kwa mlio mkononi. Yakikunjika tu, bado yana maji, na yataota ukungu ndani ya ndoo.

Kwa sababu hizo, maoni ya idara yetu ni kwamba fedha iende kwenye makaushio mawili ya kikundi, wala si kwenye sufuria za mvuke. Tunajua baadhi ya akina mama hawatafurahi, kwa kuwa sufuria ni mali ya nyumbani na kaushio ni la wote. Lakini faida ya sufuria wanaweza kuipata kwa kikombe kimoja cha maji na mfuniko walio nao, na faida ya kaushio hawawezi kuipata kwenye mkeka. Kaushio nalo lina mpaka wake: mboga kavu haina vitamini C ya kutegemea, hivyo matunda bado yanahitajika miezi hiyo.

Kamati ya parokia ikienda kukagua akiba mwezi Oktoba, haihitaji maabara. Chukueni jani kutoka chini ya ndoo, si la juu, na mlitazame nje kwenye mwanga. Jani lililohifadhi karotini bado ni la kijani kibichi na linanukia mboga. Lililogeuka rangi ya majani makavu ya mahindi na kunukia nyasi limepoteza sehemu kubwa, hata kama halina mdudu wala ukungu. Chunguzeni pia ndoo ilikuwa wapi: yenye mfuniko, kwenye kona ya giza mbali na moto, ndiyo iliyotunzwa. Ndoo ya plastiki nyeupe iliyowekwa dirishani imeendelea kuanikwa juani bila mwenyewe kujua.