Thamani ya p ni 0.014: je, chini ya mchanga kuna nyumba?

Ukivuka kwa boti kutoka Kilwa Masoko hadi Songo Mnara, kitakachokuvuta macho kwanza ni magofu ya mawe ya matumbawe: misikiti, nyumba kubwa, makaburi. Lakini mji huu wa karne ya 14 hadi ya 16 ulikuwa pia na nyumba za miti na udongo, na hizo zimeshaoza. Anayezitafuta hulazimika kuhoji udongo wenyewe. Njia mojawapo ni kupima kemikali, kwa mfano fosforasi, ambayo huongezeka pale watu walipotupa mabaki ya chakula au kufuga wanyama. Watafiti wamefanya vipimo vya kemikali za udongo hapo Songo Mnara, kwenye maeneo ya wazi katikati ya magofu.

Sasa tuseme wewe ndiye mtafiti. Namba zinazofuata ni za mfano, nimezichagua ili tuweze kuhesabu kwa kalamu na karatasi. Umegawa eneo la wazi katika miraba. Kwenye mraba mmoja umechukua sampuli 4 za udongo, na sampuli nyingine 4 umezitoa mahali unapojua hapakuwa na makazi. Majibu ya maabara yanarudi: sampuli zote 4 za mraba wako zina fosforasi nyingi kuliko zile nyingine zote. Je, ni bahati tu?

Nadharia tete sifuri inasema hakuna tofauti yoyote kati ya sehemu hizo mbili. Kama ni kweli, kundi lolote la sampuli 4 kati ya 8 lina nafasi sawa ya kushika nafasi nne za juu. Makundi hayo yako mangapi? Kwenye R andika `choose(8, 4)`, utapata 70. Ni kundi moja tu kati ya hayo lililo la kwako, kwa hiyo p = 1/70, yaani 0.014 hivi.

Hapa ndipo wengi tunateleza, na mimi nimo. Tunaandika: "Uwezekano kwamba hapakuwa na nyumba ni asilimia 1.4." Hebu rudi kwenye hesabu yetu. Tulianza kwa kusema "kama ni kweli hakuna tofauti". Tuliikubali nadharia tete sifuri ndipo tukapata 0.014. Namba iliyozaliwa ndani ya sharti hilo haiwezi tena kutuambia sharti lenyewe lina uwezekano gani wa kuwa kweli. Ni kama kusema: karibu kila mvuvi anajua kuogelea, kwa hiyo karibu kila anayejua kuogelea ni mvuvi. Umegeuza sentensi, na maana imegeuka nayo.

Tofauti hii si ndogo. Tuseme una miraba 1,000, na 20 tu ndiyo iliyowahi kuwa na nyumba. Tuseme pia mraba wenye nyumba hutoa matokeo kama yako mara 1 kati ya 2. Basi miraba 10 yenye nyumba itakupa matokeo hayo. Miraba 980 isiyo na kitu nayo itakupa yaleyale kwa bahati, mara 1 kati ya 70, yaani miraba 14. Jumla ni 24, na 14 kati yake haina nyumba. Hiyo ni asilimia 58! Thamani ya p bado ni ileile 0.014.

Hamia sasa kwenye eneo ambalo nusu ya miraba ilikuwa na nyumba, labda karibu na mahali ambapo vipande vya udongo wa kuta vimeshaonekana. Miraba 500 yenye nyumba inatoa matokeo hayo mara 250. Ile 500 mingine inayatoa mara 7 hivi. Hapo uwezekano wa kutokuwepo nyumba haufiki asilimia 3. Udongo uleule, p ileile, majibu mawili tofauti kabisa. Kilichobadilika ni ulichokuwa unakijua kabla ya kupima, na p haikioni hicho. Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2016 kikilisema wazi jambo hili, kwamba p haipimi uwezekano wa nadharia tete kuwa kweli.

Kwa mwenye bajeti ya kuchimba mashimo matano tu msimu huu, hilo linaamua jembe litue wapi. Na shimo ukishalichimba kwenye magofu, tabaka zake haziwezi kurudi zilivyokuwa.

Kuna mtego mwingine ndani ya ile 1/70 yenyewe. Hesabu ilichukulia kwamba kila sampuli inajitegemea. Ukichota zote 4 kwenye shimo moja, na hapo alizikwa mbuzi, hujapata ushahidi wa aina nne. Umempima mbuzi mmoja mara nne. Kompyuta itakupa 0.014 bila kusita. Kwa hiyo kabla ya kuniambia p yako, nitakuuliza sampuli zilitoka umbali gani kati yake, na ulipima miraba mingapi kabla ya kuupata huu unaonionyesha.