Kila mtu akisema nunua dhahabu, nani amebaki wa kununua?

Katikati ya Oktoba 2025 binamu yangu alinipigia simu kutoka Mwingi. Yeye ni mtu wa bodaboda, na alikuwa ameweka kando Sh60,000 za deposi ya pikipiki ya pili. Sasa pikipiki ilikuwa imesahaulika. "Bro, dhahabu imepita dola 4,000. Stejini kila msee anaongea hiyo stori. Niingize zote ama?"

Alikuwa pia ameona video ya watu wamepanga foleni ndefu nje ya duka la dhahabu kule Sydney, Australia, wakingoja kununua vipande vya dhahabu. Kwake hiyo foleni ilikuwa ushahidi kwamba asipoharakisha ataachwa. Mimi nilikuwa nimeketi hapa Wote, na foleni hiyo hiyo ilinitia wasiwasi.

Kama umewahi kuuza ndengu unajua kwa nini. Kukiwa na msimu ambapo kila jirani amepanda ndengu kwa sababu bei ya msimu uliopita ilikuwa tamu, broka akifika sokoni hana haraka. Dhahabu haipandwi shambani, lakini umati unafanya kazi karibu na hiyo. Bei hupanda kwa sababu kuna watu wapya wanaoingiza pesa. Kila mtu akishaingia, hata yule ambaye hajawahi kuuliza bei ya dhahabu maishani, watu wapya wanapungua. Wanaobaki wengi ni wale wanaoweza kuuza.

Kuna watu ambao kazi yao ni kupima hali hii, yaani hisia za umati, kisha wanafanya kinyume chake. Umati ukilewa furaha wanajitoa polepole, umati ukikimbia wanaingia. Inasikika rahisi, lakini ina mitego. Wacha nikuonyeshe vipimo vitatu ambavyo unaweza kuviangalia bure kwa simu yako, na mahali kila kimoja kinadanganya.

Cha kwanza ni kura ya maoni. Kampuni ya Gallup huwauliza Wamarekani ni uwekezaji upi ulio bora kwa muda mrefu: nyumba na ardhi, hisa, dhahabu, akiba ya benki au dhamana. Agosti 2011, asilimia 34 walichagua dhahabu, na ikawa namba moja. Wiki chache baadaye, mwanzoni mwa Septemba, aunsi moja iligusa dola 1,920. Hapo ndipo ilipofika kilele. Kufikia Desemba 2015 ilikuwa karibu dola 1,050, na ilichukua hadi Julai 2020 kurudi pale ilipokuwa. Hiyo ni karibu miaka tisa. Kwa hesabu ya dola peke yake, thamani ya Sh60,000 iliyoingia siku ile ya kilele ingekuwa imebaki kama Sh33,000 mwishoni mwa 2015.

Ukisoma hiyo stori peke yake utaamini kwamba kura ikipanda, unauza. Ngoja kidogo. Aprili 2025 Gallup waliuliza tena, na dhahabu ikapata asilimia 23, ikazipita hisa zilizopata 16. Bei nayo iligusa dola 3,500 mwezi huo. Kuna watu waliosema umati umeshajaa, wakauza. Miezi sita baadaye dhahabu ilikuwa juu ya dola 4,000. Kosa lao ni kwamba 23 si 34. Kura ya maoni inasema kitu ikiwa kwenye ncha, juu kabisa au chini kabisa ukilinganisha na historia yake. Ikiwa katikati haisemi lolote, na ukiilazimisha iseme, unajidanganya mwenyewe.

Kipimo cha pili ndicho kinachochanganya watu zaidi: kipimo cha hofu. Pengine umesikia kuhusu VIX, ambayo hupima hofu kwenye soko la hisa la Marekani. Dhahabu ina ndugu yake anayeitwa GVZ. Hutolewa na soko la Cboe la Chicago, na huhesabiwa kutokana na bei ambayo wafanyabiashara wanalipa kujikinga dhidi ya dhahabu kuruka au kuanguka. Kinga ikiwa ghali, namba inapanda. Kuisoma si kazi ngumu. Gawa namba hiyo kwa 3.5, na utapata asilimia ambayo soko linatarajia bei kuyumba kwa mwezi mmoja. GVZ ikiwa 14, wanatarajia kama asilimia 4, kupanda au kushuka.

Sasa sikiza. Kwenye hisa, hofu hupanda bei zikianguka. Ndiyo maana wasee wa kwenda kinyume husema hofu ikiwa juu, nunua. Wengi huchukua kanuni hiyo na kuibandika kwenye dhahabu vile ilivyo. Haikai. Dhahabu yenyewe hununuliwa na watu walioogopa, kwa hivyo kipimo chake kinaweza kupanda bei ikianguka, na kinaweza kupanda pia bei ikipaa kama wazimu.

Angalia mara mbili ambapo kilipanda sana. Machi 2020, korona ilipoingia, watu duniani waliuza chochote walichoweza ili wapate pesa taslimu, hata dhahabu. Bei ilitoka karibu dola 1,680 hadi chini ya 1,500 ndani ya siku kumi hivi, na GVZ ikavuka 40. Aliyenunua wakati huo aliona dola 2,060 kufikia Agosti mwaka uo huo. Lakini GVZ ilikuwa juu mno pia Agosti na Septemba 2011, palepale kwenye kilele. Namba ni ileile, maana ni kinyume kabisa. Moja ilikuwa hofu ya kuuza, nyingine ilikuwa hofu ya kuachwa nyuma.

Kwa hivyo usiisome GVZ bila kuangalia mwelekeo wa bei katika wiki chache zilizotangulia. Bei imeanguka na kipimo kiko juu: umati unatoroka, na pengine kuna nafasi. Bei imepaa na kipimo kiko juu: umati unasukumana mlangoni kuingia, na mtu mpya anafaa kuwa mwangalifu. Ndiyo hali aliyonipigia simu nayo binamu.

Kipimo cha tatu ni Google Trends, na hapa ndipo vijana wa Kitui na Makueni tunapojipeleka vibaya. Binamu alikuwa amejaribu. Aliingia trends.google.com, akaandika "gold", akachagua Kenya, kisha akabonyeza kaunti yake. Grafu ikaruka hadi 100. Akaniambia, "Ona, Kitui nzima inatafuta dhahabu!"

Hapana. Ile 100 si idadi ya watu. Ni pale tu ambapo utafutaji wa neno hilo ulikuwa mkubwa zaidi, ukilinganishwa na utafutaji mwingine wote, ndani ya kipindi na eneo ulilochagua. Badilisha kipindi kutoka miezi 12 hadi tangu 2004, na picha yote inaweza kugeuka. Pia Google hutumia sampuli. Kwenye kaunti ambayo wachache hutafuta neno hilo, watu kadhaa tu wanaweza kuusukuma mstari kutoka 0 hadi 100. Jaribio ni rahisi: rudi kesho, tafuta kitu kilekile. Grafu ikiwa na umbo tofauti na la jana, ulikuwa unaangalia kelele, si hisia za watu.

Halafu kuna neno lenyewe. Anayeandika "gold" anaweza kuwa anatafuta mkufu wa harusi, nishani ya mwanariadha au habari za matapeli wa dhahabu feki Nairobi. Tumia "gold price" au "buy gold", chagua dunia nzima badala ya kaunti, na uangalie miaka mingi. Hata "gold price" na "buy gold" hazifanani. Wa kwanza anaweza kuwa anachungulia tu, wa pili ameshika pochi mkononi. Huyo wa pili ndiye unayemtafuta, kwa sababu ndiye mtu mpya wa mwisho kuingia.

Basi tuliweka vyote pamoja kwa simu, mimi na yeye. Bei ilikuwa imepaa kwa wiki kadhaa mfululizo. Watu waliokuwa hawana habari na dhahabu walikuwa kwenye foleni. Steji ya bodaboda Mwingi ilikuwa inazungumzia aunsi. Nilimwambia, "Hapa sijui kesho itakuwaje, lakini hapa si mahali pa kuingiza zote mara moja."

Oktoba 20 bei ilipita dola 4,380. Kesho yake ikaanguka zaidi ya asilimia 5 kwa siku moja, na wiki iliyofuata ikashuka chini ya 4,000. Binamu akanitumia ujumbe: "Umeniokoa." Nikajiona profesa.

Nilijiona mapema. Desemba dhahabu hiyohiyo ilivuka dola 4,500. Aliyeuza yote Oktoba akingoja 2011 ijirudie aliachwa kwa mataa. Hilo ndilo jambo ambalo wauzaji wa mafunzo ya tredi hawakuambii. Vipimo vya hisia hukuonyesha mahali ambapo ardhi inatetemeka. Havikuambii kama mlima unaanguka au unajitikisa tu na kuendelea kupanda. Mwaka 2011 ulianguka kwa miaka. Mwaka 2025 ulianguka kwa siku chache. Siku yenyewe, miaka hiyo miwili ilifanana.

Kwa hivyo matumizi ya busara si "nunua" au "uza". Ni kuamua ukubwa wa kipande. Tuligawa zile Sh60,000 mara sita. Alifungua akaunti ya CDS kwa dalali wa hisa, akaanza na Sh10,000 Novemba kwenye Absa NewGold, mfuko wa dhahabu ambao umeorodheshwa Soko la Hisa la Nairobi tangu 2017. Kanuni yetu ni hii: umati ukiwa umelewa, kipande kimoja kwa mwezi, si zaidi. Bei ikianguka na GVZ ikiwa juu, vipande viwili. Na kwenye mfuko huo unaweka bei unayotaka kabla ya kubonyeza, maana siku nyingi wanunuzi na wauzaji ni wachache, na ukikurupuka utalipa bei ya kukurupuka.

Desemba alinipigia tena, sauti imebadilika. "Ungeniacha niingize zote, saa hii ningekuwa mbele."

Ni kweli, angekuwa mbele. Nilimuuliza swali moja tu: ile wiki ya mwisho ya Oktoba, bei ikiwa chini ya 4,000 na deposi yote ya pikipiki ikiwa ndani, angekaa ama angetoroka?

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ningetoroka, bro."