Upatanisho wa Ngeli na Picha katika Muswada wa Tangazo la Sekunde 60

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna muswada wa sauti ya msimulizi katika tangazo la bidhaa la sekunde 60 unavyoandikwa sambamba na picha zake. Inadai kwamba katika Kiswahili picha inaweza kushika nafasi ya nomino, na kiambishi cha upatanisho kikaelekeza kwayo. Lakini uwezo huo una mipaka inayotokana na mfumo wenyewe wa ngeli.

1.0 Kipimo cha urefu

Miongozo ya uandishi wa matangazo ya Kiingereza hutaja takribani maneno 150 kwa dakika. Kipimo hicho hakikifai Kiswahili, kwa kuwa neno moja la Kiswahili hubeba viambishi vingi: *hatutawanunulia* lina silabi nane. Maneno 150 yenye wastani wa silabi tatu ni silabi 450, yaani saba na nusu kwa sekunde bila pumziko lolote. Msomaji atalazimika kukimbia. Ni afadhali kuhesabu silabi. Silabi nne kwa sekunde ni kadirio la kuanzia, ambalo huthibitishwa kwa kusoma kwa sauti huku saa ikihesabu.

2.0 Mfano

Mfano ufuatao unahusu jiko la mkaa lenye kiini cha udongo, la aina iliyoanza kuenea nchini Kenya katika miaka ya 1980.

| Sekunde | Picha | Sauti |
|---|---|---|
| 0–12 | Jiko la bati. Mkono unapepea, makaa yanameta. | Mkaa umepanda bei. Unanunua kopo zima, na joto lake linatokea ubavuni, halifiki kwenye sufuria. |
| 12–24 | Jiko jipya linawekwa sakafuni. Kiini chake kinaonekana. | Hili lina kiini cha udongo uliochomwa. Linashika joto, linalirudisha juu, chini ya sufuria. |
| 24–36 | Mkaa unatiwa. Mlango unafunguliwa, kisha unafungwa nusu. | Tia mkaa kidogo, fungua mlango. Moto ukishika, funga mlango nusu, mkaa utadumu. |
| 36–48 | Maharage yanachemka. Mlio wake unasikika. | Yameiva. Na mkaa bado upo. |
| 48–60 | Jiko peke yake. Jina la bidhaa linatokea. | Jiko la kiini cha udongo. Mkaa kidogo, chakula kilekile. Uliza dukani kwa jina lake. |

Silabi zote ni 159, sawa na sekunde 40 hivi za usemi. Zinazosalia ni za mlio wa chungu, pumziko na macho.

3.0 Picha kama nomino

Katika mstari wa pili, *hili* halina nomino iliyotangulia katika usemi. Mtazamaji haulizi ni lipi, kwa kuwa jiko liko mbele yake na kiambishi *li-* kinaafikiana nalo. Vivyo hivyo, *yameiva* hutegemea maharage yaliyomo katika picha. Kwa sababu hiyo picha sharti itangulie sauti, hata kama ni kwa sekunde moja. Sauti ikitangulia, jambo la mwisho lililoonekana lenye upatanisho wa *ya-* linaweza kuchukua nafasi hiyo, na katika muswada wenye makaa hatari hiyo ipo.

4.0 Pale ngeli inaposhindwa

Mstari wa tatu ndio mgumu zaidi. Mwandishi anayependa ufupi angeweza kuandika: *Ukishika, ufunge nusu, utadumu.* Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini *mkaa*, *moto* na *mlango* vyote ni vya ngeli ya U-I, na vyote vitatu vimo katika picha moja. Zaidi ya hayo, *u-* ni kiambishi cha nafsi ya pili umoja pia; *utadumu* laweza kusikika kama ahadi kwa mnunuzi mwenyewe. Hapa picha haiwezi kuchagua kwa niaba ya kiambishi, hivyo nomino zimerudishwa, ingawa zimeongeza silabi.

Njia rahisi ya kugundua kasoro hii ni kuorodhesha vitu vyote vilivyomo katika kila picha pamoja na ngeli zake. Vitu viwili vya ngeli moja vikikutana na kitenzi kisicho na nomino, ama picha igawanywe ama nomino itajwe.

5.0 Mpaka wa mwisho

Tangazo la televisheni husikilizwa pia na mtu aliye jikoni, asiyetazama. Kwake *hili* halionyeshi chochote. Ndiyo sababu mstari wa mwisho unataja *jiko* waziwazi, licha ya kuwa picha inalionyesha. Udondoshaji wa nomino huokoa muda katikati ya muswada. Mwishoni, pale bidhaa inapopaswa kukumbukwa, huipoteza.