Fundi Mzee na Milimita Sita

Hadithi yenyewe ni fupi. Fundi seremala mzee, mkazi wa Tanga, aliitwa kutengeneza mlango wa chumba katika nyumba ya zamani. Fremu ilikuwa bado nzima ila mlango wake umeliwa na mchwa. Akapima upana wa fremu sehemu tatu, kama inavyotakiwa. Juu akapata sentimita 82.4, katikati 82.3, chini 82.5. Akaandika kwenye kipande cha plaiwudi na kurudi karakana. Kesho yake, mbao za mninga zikiwa zimesharandwa na mistari ya kukatia imeshachorwa, akauweka msumeno chini, akachukua fito mbili nyembamba na kuelekea mlangoni.

"Fundi, si tulishapima jana?" kijana wake akamuuliza.

"Tulipima. Twende tukapime tena."

Juu na chini vipimo vikarudi vilevile. Katikati akapata 81.7.

Wanaoisimulia hadithi hii huishia hapo, wakamsifu mzee kwa uangalifu wake. Mimi naona kiini chake kimeachwa nyuma. Mzee alikuwa fundi wa miaka mingi na tepu yake ilikuwa nzima. Tena kipimo cha kwanza kilifanana kabisa na vile viwili vya juu na chini, hivyo hakikuwa na dalili yoyote ya ubaya. Kosa liliingiaje, na kwa nini mara ya pili lilionekana?

Tuanze na lilivyoingia. Siku ya kwanza palikuwa na kabati upande wa kushoto wa mlango, nalo lilimzuia kusimama anavyosimama siku zote. Kwa hiyo alishika ndoano ya tepu kwenye mwimo wa kulia na kuivuta tepu kuelekea kushoto, akaikunja kwenye kona ili asome. Tepu ikivutwa hivyo, namba husimama kichwa chini na huongezeka kwenda kushoto. Jicho lililozoea kusoma namba zikiongezeka kwenda kulia hukosea hapo bila mwenye jicho kujua. Mzee aliona namba 82, akaona kona iko vistari vitatu kulia kwake, akasema 82.3. Kumbe tepu ikiwa kichwa chini, kulia kwa 82 ni kabla ya 82. Ile kona ilikuwa kwenye 81.7.

Lakini mbona fremu iwe nyembamba katikati kuliko juu na chini? Hili ni jambo la kawaida sana kwenye nyumba zetu. Fremu husimamishwa kwanza, halafu mwashi hujenga na kujaza zege au udongo kati ya ukuta na miimo. Asipoweka mbao ya kuzuia katikati, mjazo huisukuma miimo ndani, nayo hupinda kidogo kama tumbo. Ndiyo maana fundi hupima sehemu tatu na kufuata kipimo kidogo kuliko vyote, kwa sababu mlango hupita pale palipobana.

Sasa tuone milimita sita zingefanya nini. Mlango haukatwi sawa na fremu. Huachiwa nafasi kila upande, na mzee huacha milimita tatu kulia na tatu kushoto. Kwa kipimo cha kwanza, mlango ungekuwa na upana wa 82.3 kutoa 0.6, yaani 81.7. Upana huo ni sawasawa na fremu pale katikati, hakuna nafasi iliyobaki hata kidogo. Na mlango wenye unene wa sentimita 4 haungii fremuni moja kwa moja. Huzunguka kwenye bawaba, na kona yake ya mbali hupita kwenye njia ndefu kuliko upana wenyewe. Kwa mlango huu njia hiyo ni karibu sentimita 81.8. Ungegonga mwimo na kukataa kufunga siku ya kwanza, kabla hata masika hayajaja kuuvimbisha. Mbao huvimba zaidi kwa upana wake, kidogo mno kwa urefu. Mninga una sifa ya kutulia, lakini pwani hakuna mbao isiyovuta unyevu kabisa.

Mtu anaweza kusema kwamba mlango mkubwa hurekebishwa kwa randa, na ni kweli. Mlango uliokatwa mdogo ndio msiba, kwa sababu hauongezeki ila kwa kuungwa kipande, na kiungo hubaki kikionekana. Hata hivyo, kupunguza milimita sita baada ya bawaba na kitasa kuchimbiwa nafasi zake si kazi ndogo. Nafasi ya bawaba inapungua kina, kitasa kinasogea ukingoni, na mbao ya kusimama upande mmoja inabaki nyembamba kuliko mwenzake. Kila atakayeingia chumbani ataona kuna kitu hakijakaa sawa.

Tufike kwenye zile fito, kwa sababu ndizo zilizomwokoa. Mzee angerudi na tepu ileile, akasimama palepale penye kabati, akashika mwimo uleule, jicho lake lingemwambia 82.3 tena. Kupima mara mbili kwa njia moja kunaweza kuthibitisha kosa. Ndiyo sababu nasema wanaomsifu kwa kurudia tu hawajamwelewa. Alirudia kwa njia ambayo kosa la kwanza halikuwa na pa kuingilia.

Njia yenyewe ni hii. Unachukua fito mbili zilizonyooka, kila moja fupi kuliko upana wa mlango lakini zaidi ya nusu yake, ncha moja ya kila fito ikiwa imechongwa. Unazilaza ubavu kwa ubavu, moja ikigusa mwimo wa kulia na nyingine wa kushoto, unaziteleza mpaka ncha zote mbili ziguse, kisha unazishika imara na kuchora mstari wa penseli unaokatiza fito zote mbili. Hujasoma namba yoyote. Ukifika karakana unazipanga upya mistari ikutane, nawe una upana wa fremu mkononi. Unaweza kuulinganisha na mbao moja kwa moja, au kuupima kwa tepu juu ya benchi, penye mwanga, tepu ikiwa imenyooka bila kukunjwa.

Vipimo viwili vikitofautiana, ukubwa wa tofauti husaidia kumtambua mwizi. 81.7 na 82.3 ziko mbali sawasawa na 82, moja kabla na moja baada. Hiyo ni alama ya kusoma vistari upande usio wake, na mzee alipoiona alijua mara moja alichokosea. Tofauti ikiwa sentimita 10 kamili, kuna mtu alianzia kwenye alama ya 10 kukwepa ndoano mbovu akasahau kutoa. Ikiwa sawa na urefu wa kasha la tepu, kasha liliegemezwa mwimoni bila kujumlishwa. Ikiwa milimita moja, tazama ndoano. Ndoano hucheza kidogo kwa makusudi, kiasi cha unene wake, ili kipimo cha kuvuta na cha kusukuma vyote viwe sahihi. Wako wanaoigonga kwa nyundo ikaze wakidhani imelegea, na tangu siku hiyo tepu hudanganya.

Mzee alifuta mistari ya jana kwa randa, akachora mipya kwa upana wa 81.1, akakata. Nawe ukiitisha fundi wa mlango kwenye fremu ya zamani, mwombe apime tena kwa fito kabla msumeno haujagusa mbao uliyoilipia. Fundi mzuri hatakasirika.