Jarida la Saa Tano Usiku

Wanachama wa ushirika wakisomewa hati safi kwenye mkutano mkuu, wengi huondoka wakiamini hakuna aliyekula fedha zao. Hati safi haisemi hivyo. Jukumu la kwanza la kuzuia na kugundua udanganyifu ni la bodi na menejimenti. Mkaguzi wa nje hutafuta uhakika wa kuridhisha kwamba hesabu hazina upotoshaji mkubwa, uwe wa makosa au wa makusudi.

Ila ipo kazi ambayo Kiwango cha Kimataifa cha Ukaguzi namba 240 hakimruhusu kuiacha, hata kama viongozi anawaona waaminifu: kupima maingizo ya jarida. Kupitia jarida, meneja anaweza kubadili hesabu bila shilingi kutoka benki.

Tuchukue mfano wa kubuni wa AMCOS ya mkonge Korogwe. Meneja amechukua masurufu ya shilingi 18,000,000 na hajayarejesha. Siku ya mwisho ya mwaka wa hesabu, saa tano usiku, jarida linaingizwa: debiti matengenezo ya barabara za shamba, krediti masurufu. Maelezo ni neno moja, "marekebisho". Deni limefutika, likageuka matumizi.

Mkaguzi makini huanza kwa kuomba maingizo yote ya mwaka, kisha huhakikisha kwamba salio la mwanzo likijumlishwa na maingizo hayo linafika salio la mwisho. Akiruka hatua hii, anaweza kupewa orodha iliyokwisha kuchujwa. Ndipo anatafuta dalili: kiasi kinachoishia kwa sifuri nyingi, maelezo haba, saa isiyo ya kazi, na aliyeingiza. Hapa aliyeingiza ni meneja mwenyewe, ilhali mwaka mzima majarida huandikwa na mhasibu.

Dalili si ushahidi. Huenda barabara ilichongwa kweli. Mwenyekiti akisema, "Kazi ilifanyika, sisi sote tunajua," shaka ya kitaaluma inamtaka mkaguzi aulize zaidi: greda lilikuwa la nani, mkataba uko wapi, nani alipokea kazi? Halafu aende shambani aione barabara. Kwa maoni yangu, hapa ndipo wakaguzi wengi huchoka mapema, hasa viongozi wakiwa wakarimu.

Mipaka ipo. Meneja, mhasibu na mwenye greda wakila njama na kughushi ankara, mkaguzi hodari anaweza kupitwa. Wala si yeye wa kutamka kwamba fulani ni mwizi. Meneja akihusika, taarifa huenda kwa bodi. Kwenye halmashauri, za Handeni zikiwemo, mkaguzi ni CAG, na Sheria ya Ukaguzi wa Umma, Sura 418, inamtaka apeleke tuhuma za udanganyifu kwa vyombo vya uchunguzi.

Mwanachama, mkutano mkuu ujao omba orodha ya masurufu yaliyofutwa kwa jarida, na jina la aliyeidhinisha kila moja.